Noti ya restrikitirasyo: namna ya kuiandika bila kuachia radio trotwari kazi

Kila mara picha ya noti ya serivisi yenye neno "restrikitirasyo" inapoingia kwenye grupu ya WatsApp hapa Lubumbashi, swali la kwanza ni lile lile: "Banafukuza batu ngapi?" Hata kama noti haijasema mtu anafukuzwa. Halafu mchana mmoja unasikia ni watu 10, jioni ni 25, asubuhi yake kampuni imeuzwa kwa Wachina na mishahara ya mwezi haitoki. Wakubwa wanakasirika, wanasema wafanyakazi wanapenda uvumi. Mimi nimesoma noti nyingi za namna hiyo, na ninasema wazi: mara nyingi uvumi umeandikwa ndani ya noti yenyewe, wafanyakazi wanaumalizia tu.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Restrikitirasyo ni kampuni kubadilisha namna kazi imepangwa: serivisi mbili zinakuwa moja, biro inafungwa, shefu fulani anachukua watu wa shefu mwingine. Inaweza kufanyika bila mtu hata mmoja kuondoka. Kompresyo ni kupunguza idadi ya watu. Mara nyingi zinakuja pamoja, njo maana watu wanazichanganya, lakini noti nzuri inazitenganisha: hapa kazi inahamishwa, hapa nafasi inafutwa. Preavi ni zile siku kati ya barua na mwisho wa kontra. Dekonti finali ni hesabu ya mwisho ya kila kitu mtu anachodai.

Tena kuna jambo la hapa kwetu ambalo anayeandika noti hawezi kulisahau. Mwaka 2003 Gécamines ilitoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", na hela ya mpango ilitoka Benki ya Dunia. Miaka na miaka baadaye wengi wao walikuwa bado wanalalamika kwamba hawakupewa haki yao yote. Karibu kila nyumba Lubumbashi, Likasi au Kolwezi ina papa, mjomba au jirani aliyepitia pale. Kwa hiyo ukiandika neno laini juu ya jambo gumu, msomaji wa hapa halichukui kama upole, anajua maneno laini yaliishia wapi. Ukitaka akuamini, sema jambo lenyewe kwa jina lake.

Sasa tuchukue mfano tuufanyie kazi mpaka mwisho. Tuseme kuna ajensi ya tranziti, watu 58, biro kubwa iko Lubumbashi, nyingine Kasumbalesa pale mpakani, na ndogo Likasi yenye watu 8. Dosye za Likasi zimeshuka, kutoka karibu 120 kwa mwezi mpaka 35. Direksyo imeamua vitu viwili. Kwanza biro ya Likasi inafungwa: watu 4 wanahamia Lubumbashi na Kasumbalesa, nafasi 4 zinafutwa. Pili, pale Lubumbashi serivisi ya dokima na ile ya faktire zinawekwa chini ya shefu mmoja, hiyo inagusa watu 5 ambao wanabadilisha shefu tu. Ukipiga hesabu: 45 hakuna kinachobadilika kwao, 9 wanabadilisha fasi au shefu, 4 wanapoteza kazi.

Noti ya kwanza iliyoandikwa inatoka hivi, na naamini umeshaona ndugu zake:

"Wapendwa wafanyakazi, katika juhudi za kuboresha utendaji na kukabiliana na hali ya soko, Direksyo inawajulisha kwamba restrikitirasyo ya personeli itafanyika. Hatua hii inaweza kuhusu baadhi ya serivisi. Watakaohusika watajulishwa kwa wakati unaofaa. Sisi ni familia moja. Tunawaomba mubaki watulivu na muepuke uvumi."

Soma kama dereva anayeisoma amesimama ku valve, na ana mtoto wa kulipia shule. "Inaweza kuhusu": kwa hiyo bado hamjaamua, au mumeamua na munaficha. "Baadhi ya serivisi": ipi? Kila mtu anajiweka ndani, watu 58 wote wanaenda kulala na woga wa watu 4. "Kwa wakati unaofaa": unaomfaa nani? Kesho asubuhi getini? Halafu "muepuke uvumi", hii njo mbaya kuliko zote, sababu inamwambia msomaji kwamba uvumi upo, kwa hiyo anaanza kuutafuta. Na "familia moja" kwenye karatasi inayotoa watu kazini inaumiza, mtu hafuti mtoto wake kwa noti. Ifute.

Angalia pia nani anafanya kitendo. "Itafanyika", "watajulishwa". Hakuna mtu. Noti isiyo na mwenye kuamua inawaachia watu wamtafute mwenyewe: ni yule muhasibu mpya, ni shefu wa Kasumbalesa alienda kusema watu kwa patro. Hapo unaanzisha chuki kati ya wafanyakazi ambayo itabaki hata restrikitirasyo ikiisha. Andika "Direksyo imeamua", weka tarehe, weka sinyatire ya direkta.

Kabla ya kugusa maneno lakini, kuna mpangilio wa siku, na ukiukosea hata noti nzuri haikusaidii kitu. Kode ya kazi ya Kongo ya 2002 inasema kampuni ikitaka kutoa watu sababu ya kupungua kwa kazi au kujipanga upya ndani, inajulisha wawakilishi wa wafanyakazi kwa maandishi angalau siku 15 mbele, ili wapate kutoa mapendekezo yao. Na mpangilio wa nani anaondoka unafuata ujuzi wa kazi, muda ambao mtu amekaa kwenye kampuni, na mzigo wa familia. Kama wanaoondoka ni wengi kwa mpigo, kuna masharti mengine ya Wizara ya Kazi, hapo muone Inspeksyo ya Kazi kwanza.

Wapatro wengi wanaogopa hizo siku 15, wanasema delege atatoka pale na kusambaza. Ndiyo, kitu kitatoka. Lakini delege aliyepewa barua yenye hesabu kamili anatoka na hesabu kamili, na delege aliyenusa tu kitu anatoka na harufu. Kwenye mfano wetu barua kwa delege inatoka tarehe 3. Tarehe 20 saa 2 asubuhi wale 4 wanaitwa mmoja mmoja na direkta mwenyewe, barua mkononi, halafu wale 9. Saa 5 reinyo ya wote, Kasumbalesa na Likasi kwa simu. Na noti inabandikwa reinyo ikianza, sehemu zote tatu saa ile ile. Mtu asijue habari ya kazi yake kutoka kwa karatasi ya ukutani, hiyo hakuna noti inayoweza kuisamehesha. Na kati ya saa 2 na saa 5 ni saa 3 tu, uvumi haupati muda wa kufika komine ya Kenya na kurudi.

Sasa noti iliyotengenezwa:

"Tarehe 20. Kwa wafanyakazi wote wa Lubumbashi, Kasumbalesa na Likasi.

Direksyo imeamua kufunga biro ya Likasi mwisho wa mwezi ujao. Nafasi 4 za kazi zinafutwa. Watu 9 wanabadilisha fasi ya kazi au shefu. Kwa wengine 45 hakuna kinachobadilika. Wote 13 wanaohusika wamekwisha kuambiwa leo asubuhi, ana kwa ana. Kama haukuitwa leo, haumo.

Sababu: mwaka jana Likasi ilikuwa inashughulikia karibu dosye 120 kwa mwezi, sasa ni 35. Biro hiyo haijilipii tena. Wanaoondoka hawakukosa kitu kazini.

Watu 4 wa Likasi wanahamia Lubumbashi na Kasumbalesa, mshahara unabaki ule ule. Lubumbashi, dokima na faktire zinakuwa serivisi moja. Watu 5 wanapata shefu mpya, kazi na mshahara havibadiliki.

Wanaoondoka wanapata preavi kulingana na miaka yao, na dekonti finali ndani ya siku 2 za kazi baada ya siku yao ya mwisho.

Kitu ambacho hakijaamuliwa: msaada wa lojema kwa wale 4 wanaohama. Jibu litatolewa kwa maandishi tarehe 5.

Mpango huu hauna nafasi nyingine ya kufutwa. Kazi ikibadilika siku za mbele na tukalazimika kufikiria tena, delege watajulishwa kwa maandishi siku 15 mbele, kama safari hii.

Delege walipata barua tarehe 3. Maswali: shefu wa personeli, ofisini kwake, kila siku saa 8 mpaka saa 10 mchana, mpaka tarehe 5. Sinyatire: Direkta. Karatasi 1 kwa 1."

Sentensi inayobeba noti yote ni ile fupi, "Kama haukuitwa leo, haumo." Watu 45 wanaisoma na kupumua. Lakini unaweza kuiandika tu kama ni kweli, ndiyo maana mazungumzo ya asubuhi yanatangulia noti. Ukibandika kabla ya kumaliza kuwaita, umedanganya kwa saa chache, na mtu mmoja aliyeitwa jioni anatosha kuiua noti nzima, kesho yake hakuna atakayeamini mstari wowote.

Hesabu ziko juu kabisa kwa sababu ya simu. Karatasi ya valve itapigwa picha, hilo usilipigane nalo, na picha nyingi zinakata chini, au mtu anatuma nusu. Kinachobaki kwenye nusu ya juu njo habari itakayosafiri. Kama nusu ya juu ni salamu na "hali ya soko", umewapa nafasi wajaze wenyewe. "Karatasi 1 kwa 1" nayo inafunga mlango wa "iko karatasi ya pili yenye majina". Majina hayawekwi kabisa. Wale 4 wana haki ya kuwaambia watu wao wenyewe, kwa saa yao, na picha ya majina haitoki tena kwenye simu za watu.

Sababu imeandikwa kwa dosye, kwa kuwa dosye watu wanaziona. Fundi wa makaratasi wa Likasi anajua mwenyewe kwamba meza yake inabaki tupu tangu saa 4. "Hali ya soko" hawezi kuihakikisha, 35 anaweza, anaweza hata kuihesabu kwenye rejista. Na hapa mwandishi ajiulize watu wameona nini kwa macho wiki hizi. Kama wameona meza za Likasi zinapakiwa kwenye kamio, au jipu mpya ya direkta imeingia parkingi mwezi ule ule, basi jambo hilo tayari linazungumzwa, na noti au reinyo inapaswa kulijibu. Jipu ilinunuliwa lini, kwa hela gani. Kama jibu ni la aibu, basi tatizo si la noti, na kupolisha maneno hakutalitengeneza.

Halafu kile kipande cha "hakijaamuliwa". Wakubwa wengi wanakikataa, wanaona kinawaonyesha kama hawajajipanga. Fikiria deletaji ya umeme. Ukiambiwa moto utakatika saa 12 na kurudi saa 4, unachaji simu, unapika mapema, unalala. Usipoambiwa, unakaa gizani unauliza jirani, na jirani naye anabahatisha. "Hatujui bado, jibu tarehe 5" inampa mtu saa ya moto kurudi. Lakini tarehe ndiyo yenye kazi hapo, ukiandika "hatujui bado" peke yake umerudi kwenye "wakati unaofaa".

Preavi nayo watu wanaibishania sana, basi niiweke wazi. Kwa kontra isiyo na mwisho, kampuni inapovunja, Kode inatoa angalau siku 14 za kazi, kisha inaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima uliofanya. Mama aliyefanya miaka 6 pale Likasi: 6 mara 7 ni 42, jumlisha 14, ni siku 56 za kazi. Ukihesabu siku 6 kwa wiki ni zaidi ya wiki 9. Konvansyo ya kampuni inaweza kutoa zaidi, haiwezi kutoa chini. Hesabu hii inakuwa kwenye barua ya kila mtu, kwenye noti ya wote inatosha kusema ipo, sababu kila mmoja ana miaka yake na ukianza kuandika mifano kwenye noti watu wataanza kutafuta "huyu wa miaka 6 ni nani".

Kuna imani tatu nakutana nazo kila mara. Ya kwanza ni kwamba kusema kidogo kunailinda kampuni mbele ya sheria. Kitu kinachoilinda ni kuandika kile tu ambacho ni kweli na kilichofanyika, na barua ya delege yenye tarehe ikiwa kwenye dosye. Noti yenye "inaweza kuhusu" haimlindi mtu, siku ya mabishano Inspeksyo inauliza sababu halali ni ipi, na "hali ya soko" ni jibu jembamba sana. Ya pili ni kwamba hesabu ikisemwa itatisha watu. 4 inatisha watu 4, na hao unao wajibu wa kukaa nao. Kunyamaza kunatisha 58. Ya tatu inatoka upande wa pili, wale wanaotaka kutuliza mpaka wanaahidi: "hakuna mwingine atakayeondoka tena kamwe." Hilo direkta yeyote hawezi kulijua. Kwenye noti yetu tumeahidi kitu ambacho kiko mkononi mwa kampuni, yaani namna na siku za kujulisha, basi.

Sasa lugha. Noti nyingi zinatoka kwa Kifaransa tu, na walinzi, madereva na mama wa usafi wanaipokea kwa Kiswahili mdomoni mwa yule aliyesoma, na huyo anaongeza chumvi yake hata bila kukusudia. Bandika zote mbili sambamba, mtu mmoja aziandike, na hesabu na tarehe zilingane herufi kwa herufi. Kiswahili kikisema "mwisho wa mwezi ujao" na Kifaransa kikiweka tarehe tofauti, umeunda uvumi kwa mkono wako.

Na kabla ya kubandika kuna jaribio dogo ambalo halichukui dakika 10. Mpe delege mmoja anayejua habari tayari, pamoja na mtu mmoja wa direksyo ambaye hakushiriki kuandika. Wasome mara moja, uchukue karatasi, uwaombe waeleze kwa maneno yao: wangapi wanaondoka, nani amehusika, lini, niulize wapi. Wakitofautiana kwenye jibu lolote, kosa liko kwenye sentensi hiyo, usiwaeleze wao, badilisha sentensi. Kwenye mfano wetu hapo njo utagundua kwamba "watu 9 wanabadilisha" bila kugusa mshahara inasomeka kama kushushwa, na ndiyo sababu "mshahara unabaki ule ule" iliingia.

Baada ya kubandika, jibu litoke mdomo mmoja. Shefu wa serivisi akiulizwa na papa dereva "Patro, na siye wa makamio tutabakia?", asianze kufikiria kwa sauti, asiseme "nasikia hapana". Amsomee mstari wa noti, na kama swali halimo, alipeleke kwa shefu wa personeli na arudi na jibu siku ile ile. Maswali yanayorudi mara mbili tatu yanabandikwa chini ya noti na majibu yake, kwa tarehe.

Tarehe 5 ikifika na lojema bado haijaamuliwa, usinyamaze ukisubiri upate la kusema. Bandika mistari miwili: "Tuliahidi jibu la lojema leo. Hatujalipata, tunangoja bei za nyumba Kasumbalesa. Jibu litatoka tarehe 12, na mpaka siku hiyo wale 4 hawahami."